Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Andalio la Somo la Milinganyo ya Mstari, Kidato cha Pili

Majibu haya ni kwa walimu wa hesabu wa skuli za sekondari Pemba na Unguja wanaotaka kulitumia andalio la somo la milinganyo yenye x pande zote mbili. Nimeyapanga kwa mfuatano wa kipindi chenyewe. Sehemu ya makosa nimeirefusha kwa makusudi, kwani huko ndiko wanafunzi wengi wanakopotelea.

## Somo linachukua muda gani, na mwisho wake mwanafunzi awe anaweza nini?

Vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Mwisho wa somo mwanafunzi awe anaweza kutatua mlinganyo wa aina ya 8x − 3(x − 5) = 2x + 3 mstari kwa mstari, na awe anaweza kujihakiki bila kumuuliza mwalimu kama amepata. Hilo la pili walimu wengi tunaliacha kwa haraka ya kumaliza mada, na mimi naliona ni nusu ya somo.

## Nitajuaje kama darasa langu liko tayari?

Andika ubaoni mambo matatu, kila mtu ajibu kwenye daftari lake bila kuchungulia kwa jirani: 5 − 8, kisha −3 × −4, kisha "rahisisha 4x + 3".

Mawili ya mwanzo yanapima namba hasi. La tatu linapima kitu kikubwa zaidi, kwa sababu 4x + 3 hairahisishiki, inabaki kama ilivyo. Mwanafunzi anayeandika 7x hajakubali kwamba jibu linaweza kubaki na alama ya kujumlisha katikati. Kumwambia "hivi si vitu vya aina moja" hakumsaidii sana. Mwambie aweke 2 mahali pa x: 4x + 3 inampa 11, na 7x inampa 14. Hapo anaona mwenyewe kuwa vitu hivyo viwili havilingani. Ikiwa robo ya darasa au zaidi wameandika 7x, kaa hapo kwanza, na milinganyo isubiri kipindi kijacho.

## Kwa nini andalio linaanza na alama ya sawasawa? Si wanaijua tangu darasa la kwanza?

Wanaijua kwa maana moja tu. Andika hii ubaoni:

```
9 + 6 = □ + 4
```

Utapata majibu matatu. Wapo watakaosema 15, nao wanaisoma alama ya sawasawa kama amri ya kuandika jibu. Wapo watakaosema 19, hawa wamejumlisha kila namba waliyoiona. Na wapo watakaosema 11, ambao wamefahamu kuwa pande mbili zinatakiwa ziwe na thamani moja.

Mtoto amepita miaka mingi akiona hesabu upande wa kushoto na jibu upande wa kulia. Kwa 3x = 12 anaponea, kwa sababu 12 inafanana na jibu. Ukimpa 5x + 7 = 2x + 19 anatafuta jibu liko upande gani na halioni. Dakika 10 za mwanzo ni za jambo hili tu. Wape pia sentensi kama 20 = 8 + 12 na 7 = 7, waulize ni kweli au si kweli. Utashangaa wangapi watasema 20 = 8 + 12 "imepinduliwa".

## Dakika 80 zinagawanywaje?

Dakika 10 za alama ya sawasawa, 15 za mfano wa kwanza, 15 za zoezi la wawili wawili, 20 za mabano yenye alama ya kutoa mbele yake, 10 za swali la karafuu, na 10 za maswali ya kutokea. Milinganyo yenye sehemu nimeiweka kipindi kinachofuata. Kama muda unakubana, punguza zoezi la wawili wawili na uyaache maswali ya kutokea yalivyo, kwani bila hayo utaingia darasani kesho bila kujua nani alifahamu nini.

## Mfano wa kwanza unaandikwaje ubaoni?

Hivi, na maneno ya pembeni yaandikwe kila mara:

```
5x + 7 = 2x + 19     toa 2x kila upande
3x + 7 = 19          toa 7 kila upande
3x = 12              gawa kwa 3 kila upande
x = 4
```

Kila mstari una alama moja tu ya sawasawa. Wapo wanafunzi wanaounganisha kazi yote katika mstari mmoja mrefu, 5x + 7 = 2x + 19 = 3x + 7 = 19, na kwa hivyo wanakuwa wamesema 2x + 19 ni sawa na 19. Wazuie mapema.

Kisha uhakiki, kila upande peke yake. Kushoto: 5 × 4 + 7 = 27. Kulia: 2 × 4 + 19 = 27. Mwanafunzi asianze kwa kuandika 5 × 4 + 7 = 2 × 4 + 19, kwa sababu hapo ameshasema pande zinalingana kabla hajajua kama zinalingana.

Watakuuliza kwa nini umetoa 2x na hukutoa 5x. Wajibu kwa kufanya. Ukitoa 5x unapata 7 = −3x + 19, kisha −12 = −3x, kisha x = 4. Njia zote mbili ni halali. Kutoa ile ndogo kunamwepusha mtu na alama ya hasi, na hiyo ndiyo sababu pekee.

## Mfano wa mizani unafaa?

Unafaa kwa kuanzia. Kila mtoto wa Pemba ameona mizani ya sokoni na anajua ukitoa kitu sahani moja lazima utoe kiasi kile kile sahani ya pili. Kwa 5x + 7 = 2x + 19 chora sahani mbili, paketi tano zinazolingana na gramu 7 upande mmoja, paketi mbili na gramu 19 upande wa pili. Ondoa paketi mbili kila sahani, ondoa gramu 7 kila sahani, zinabaki paketi tatu kwa gramu 12.

Ila iache mapema. Hakuna paketi yenye uzito wa hasi 4, na hakuna namna ya kuweka −2(x − 6) juu ya sahani. Mwalimu anayeng'ang'ania mizani mpaka kwenye namba hasi anawachanganya waliokwisha kufahamu. Kinachobaki ni kanuni yenyewe: ulichokifanya kushoto, kifanye na kulia.

## Mimi huwafundisha "ikivuka inabadili alama". Kuna ubaya gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ninaelewa kwa nini. Kauli hiyo ni fupi, wanafunzi wanaikariri siku hiyo hiyo, na kwa x + 7 = 19 inatoa jibu sahihi. Ubaya wake unaonekana baadaye, kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kwenye mstari wa mwisho. Mwanafunzi amefika 3x = 12. Anaivusha 3, na kwa kuwa ameambiwa ikivuka inabadili alama, anaandika x = 12 ÷ −3, yaani −4. Ametii kanuni aliyopewa. Mwingine anaivusha 3 kama namba ya kutoa, anapata x = 12 − 3 = 9. Naye ametii, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa 3 imeshikana na x kwa kuzidisha, na kwamba kinachoiondoa ni kugawa.

Ya pili ni kwenye mabano. Katika 2(x + 5) = 18 utamkuta anaivusha 5 kutoka ndani ya mabano na kuandika 2x = 18 − 5. Kanuni yake haisemi kuwa 5 ile imezidishwa kwa 2 na haiwezi kutoka peke yake.

Ya tatu ni kwamba mwanafunzi huyu hawezi kujieleza. Muulize kwa nini 7 imekuwa −7, atasema "kwa sababu imevuka". Muulize aliyeandika "toa 7 kila upande" naye atakwambia: upande wa kushoto 7 − 7 ni 0 kwa hivyo haikuandikwa, upande wa kulia 19 − 7 ni 12.

Sisemi mwanafunzi wa kidato cha nne aandike "toa 7 kila upande" mpaka kwenye mtihani wa taifa. Akishaweza kueleza kila mstari, mwache afupishe. Mfupisho uje baada ya maelezo.

## Mabano yenye alama ya kutoa mbele yake yafundishwe vipi?

Huu ndio mfano mkuu wa somo, na nimeuchagulia namba kwa uangalifu:

```
7x − 2(x − 6) = 3x + 20
7x − 2x + 12 = 3x + 20     fungua mabano: −2 × x, na −2 × −6
5x + 12 = 3x + 20          unganisha x za kushoto
2x + 12 = 20               toa 3x kila upande
2x = 8                     toa 12 kila upande
x = 4                      gawa kwa 2 kila upande
```

Uhakiki: kushoto 28 − 2(4 − 6) = 28 − 2 × −2 = 28 + 4 = 32. Kulia 12 + 20 = 32.

Kabla ya kufungua mabano, zungushia duara −2 pamoja na alama yake. Mwambie mwanafunzi kinachoingia ndani ni hasi mbili, na kinamzidisha kila aliyemo ndani. Chora mishale miwili, mmoja kwenda kwa x, mmoja kwenda kwa −6. Ukichora mshale mmoja tu, wapo watakaozidisha mara moja.

Wakumbushe pia MAGAZIJUTO waliyoisoma msingi, kwa sababu hapa inawaokoa na pia inawaponza. Inawaokoa kwa kuwa kuzidisha 2 na mabano kunatangulia kabla ya kutoa kutoka 7x. Inawaponza kwa kuwa "mabano kwanza" wanaifahamu kuwa ni lazima x − 6 ipatiwe jibu kwanza, na x − 6 haina jibu, basi wanakaa. Waeleze kuwa pakiwa na x ndani, mabano tunayafungua kwa kuzidisha.

## Nikiona jibu lisilo sahihi, nitajuaje kosa limetoka wapi?

Kwa mfano huo wa 7x − 2(x − 6) = 3x + 20, majibu yenye makosa karibu yote yanajitambulisha yenyewe.

Aliyepata 13 amezidisha x peke yake na kuiacha 6 ilivyo: 7x − 2x − 6, halafu 2x = 26. Aliyepata 25 ameitoa 2 kutoka 7x kabla ya kuzidisha, akapata 5(x − 6), halafu 5x − 30 = 3x + 20, halafu 2x = 50. Aliyepata 1 amefungua mabano vizuri lakini ameihamisha 3x bila kuitoa: 8x = 8. Aliyepata 6 amefika salama mpaka 2x = 8 kisha akatoa 2 badala ya kugawa. Na aliyekwama kwenye 17x = 23x ni yule yule wa 4x + 3 = 7x, amejumlisha 5x na 12.

Inabaki 16, nayo ina asili mbili. Mwanafunzi mmoja amefungua mabano vibaya, akaandika −12 badala ya +12, na baadaye akaendelea sawasawa: 5x − 12 = 3x + 20, 2x = 32. Mwingine amefungua mabano vizuri, +12, lakini akaihamisha bila kubadili, akaandika 2x = 20 + 12, nayo ni 32. Jibu moja, makosa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti: wa kwanza anahitaji mishale ya mabano, wa pili anahitaji kurudi kwenye "toa 12 kila upande". Hata ukibadilisha namba zote, makosa haya mawili yatatoa jibu moja, maana yote mawili mwisho wake yanaiongeza 12 mahali ilipotakiwa kutolewa. Kwa hivyo ukiona 16, usitoe hukumu, angalia mstari wa pili wa kazi yake. Na kwa hivyo pia usikubali karatasi yenye jibu tupu.

## Mwanafunzi anawezaje kuutafuta mwenyewe mstari alioharibu?

Kwa kulirudisha jibu lake nyuma, mstari mmoja mmoja. Chukua kazi hii:

```
(1)  10 − 3(x + 2) = 2x − 6
(2)  7(x + 2) = 2x − 6
(3)  7x + 14 = 2x − 6
(4)  5x = −20
(5)  x = −4
```

Weka −4 kwenye mstari wa 4: 5 × −4 = −20, sawa. Mstari wa 3: kushoto −28 + 14 = −14, kulia −8 − 6 = −14, sawa. Mstari wa 2: 7 × −2 = −14, kulia −14, sawa. Mstari wa 1: kushoto 10 − 3 × −2 = 16, kulia −14. Hapa pande zimeachana. Kosa basi liko kati ya mstari wa 1 na wa 2, alipotoa 3 kutoka 10 kabla ya kuzidisha. Jibu sahihi ni x = 2, na kwalo pande zote mbili za mstari wa 1 zinatoa −2.

Angalia jambo lililojificha hapa. Mwanafunzi huyu angejihakiki kwenye mstari wa 2, angeambiwa amepata. Ndiyo maana uhakiki unafanywa kwenye mlinganyo wa mwanzo, kama ulivyoandikwa kwenye swali. Kazi ikiwa na makosa mawili, mstari wa kwanza kukataa ukitokea chini unaonyesha kosa la mwisho; akilirekebisha anaanza tena na jibu jipya.

## Swali la karafuu linawekwaje?

Namba hizi ni za zoezi, si bei za msimu wowote:

"Mwenye shamba wa kwanza analipa wachumaji shilingi 1,000 kwa kila pishi, na anaongeza shilingi 3,000 za chakula kwa siku. Mwenye shamba wa pili analipa shilingi 1,500 kwa kila pishi na hatoi pesa ya chakula. Mchumaji akichuma pishi ngapi kwa siku, malipo ya mashamba mawili yanalingana?"

Kosa kubwa linatokea kabla mlinganyo haujaandikwa. Waulize p inasimamia nini. Wengi watasema "p ni pishi". Usiipitishe. p ni idadi ya pishi alizochuma mtu kwa siku moja, nayo ni namba. Anayedhani p ni pishi yenyewe ataisoma 1,000p kama "pishi elfu moja", na hapo hawezi kuona kwamba ni pesa. Kila kipande cha mlinganyo huu ni shilingi: 1,000p ni shilingi, 3,000 ni shilingi, 1,500p ni shilingi.

```
1000p + 3000 = 1500p     toa 1000p kila upande
3000 = 500p              gawa kwa 500 kila upande
6 = p
```

Uhakiki urudi kwenye hadithi, usiishie kwenye mlinganyo: shamba la kwanza 6,000 na 3,000 ni 9,000, la pili 6 × 1,500 ni 9,000. Halafu uliza swali moja la ziada, akichuma pishi 8 aende shamba gani? La kwanza litampa 11,000, la pili 12,000. Wanafunzi ambao wazazi wao wanachuma watakuwa na maneno mengi hapa, waache waseme.

Kumbuka pia kwamba p hapa imebaki upande wa kulia, 6 = p. Wapo watakaohangaika kuigeuza. Ni sahihi kama ilivyo.

## Milinganyo yenye sehemu ifundishwe vipi kipindi kijacho?

Kwa kuziondoa sehemu mwanzo kabisa. Tafuta KDS ya asili zote, zidisha kila kipande, cha kushoto na cha kulia:

```
(x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3        zidisha kila kipande kwa 6
3(x + 1) − 2(x − 2) = 18
3x + 3 − 2x + 4 = 18
x + 7 = 18
x = 11
```

Uhakiki: 12/2 − 9/3 = 6 − 3 = 3.

Makosa mawili yanatawala. Aliyepata −4 amezidisha kushoto na kuisahau 3 ya kulia, kwa sababu haina asili chini yake na hakuiona kuwa inamhusu. Aliyepata 19 ameandika −2x − 4. Huyu wa pili haoni mabano, kwani kwenye swali lililoandikwa kwa mkono, kiasi juu na asili chini, mabano hayapo. Mstari wa sehemu wenyewe unafanya kazi ya mabano. Mwambie ayaandike kwa mkono wake kabla hajazidisha chochote.

## x ikipotea au ikiwa sifuri, nifanyeje?

Mpe mwanafunzi 6x + 5 = 2x + 5. Anapata 4x = 0, na wengi wanaandika "haina jibu". Jibu lipo, ni 0, na uhakiki unalithibitisha: 5 kushoto, 5 kulia. Mlinganyo usio na jibu ni kama 2x + 5 = 2x + 9, ambako ukitoa 2x kila upande inabaki 5 = 9, jambo lisilowezekana kwa x yoyote. Na 2(x + 3) = 2x + 6 inabaki 6 = 6, kweli kwa kila x. Hizi mbili za mwisho usizilete siku ya kwanza. Ya sifuri ilete.

## Maswali ya kutokea ni yapi?

Matatu, kwenye nusu karatasi, dakika 10, kila mtu peke yake, kazi yote ionekane.

Swali la 1: tatua 6x + 5 = 2x + 17, kisha hakiki. Jibu ni 3. Majibu ya makosa ni 1.5 kwa aliyejumlisha 2x badala ya kuitoa, 5.5 kwa aliyejumlisha 5, 8 kwa aliyetoa 4 mwishoni, na −3 kwa yule wa "ikivuka inabadili alama".

Swali la 2: tatua 8x − 3(x − 5) = 2x + 3, kisha hakiki. Jibu ni −4, na pande zote mbili zinatoa −5. Aliyekosea alama ya mabano anapata 6. Aliyezidisha x peke yake anapata 8/3. Aliyetoa 3 kutoka 8x kwanza anapata 28/3. Nimechagua jibu sahihi liwe hasi na jibu la kosa la kawaida liwe namba nzima nzuri, kwa makusudi. Majibu sahihi yakiwa daima ni namba nzima chanya, wanafunzi wanazoea kujihakiki kwa sura ya jibu, wakiona sehemu wanajua wamekosea, wakiona 6 wanafunga daftari.

Swali la 3: wape kazi yenye mistari mitano niliyoionyesha juu, waonyeshe mstari ulioharibika na waandike sentensi moja ya kueleza kosa. Hapo usiwe umeitumia kazi hiyo hiyo darasani. Kama umeitumia, badilisha namba.

## Nikitaka kutunga maswali yangu, niangalie nini?

Litatue swali kwa njia sahihi, kisha litatue kwa kila kosa unalolijua, kabla hujaliandika kwenye karatasi. Ona hili: 9 − 2(x − 1) = 3x + 1. Njia sahihi inatoa 11 − 2x = 3x + 1, kisha 10 = 5x, x = 2. Sasa fanya kosa la kutoa kwanza: 7(x − 1) = 3x + 1, kisha 7x − 7 = 3x + 1, 4x = 8, x = 2. Jibu lile lile! Na uhakiki utalikubali, maana 2 ni jibu la kweli. Sababu ni kwamba x ikiwa 2, mabano yana thamani ya 1, na kuzidisha kwa 1 hakuonyeshi tofauti kati ya 9 − 2 × 1 na (9 − 2) × 1. Mwanafunzi atapewa vema kwa kosa. Ukitunga, hakikisha jibu sahihi haliyafanyi mabano kuwa 1.

## Darasa lina wanafunzi wengi, nitasahihisha vipi karatasi zote usiku mmoja?

Usizisahihishe zote. Chukua swali la 2 peke yake na uzipange karatasi mafungu kwa jibu: −4, 6, 8/3, 28/3, na mengineyo. Ni kazi ya muda mfupi kwa sababu unasoma mstari wa mwisho tu. Fungu la 6 ndilo unalolifungua na kuangalia mstari wa pili, kutenganisha walioharibu mabano na walioharibu kuhamisha.

Ukubwa wa mafungu ndio unaoamua dakika 15 za mwanzo za kipindi kijacho. Fungu la 6 likiwa kubwa kwa sababu ya mabano, rudia mishale kwa mfano mpya, kwa mfano 9x − 4(x − 2) = 3x + 2, ambao jibu lake ni −3. Likiwa kubwa kwa sababu ya kuhamisha, acha mabano kabisa siku hiyo na urudi kwenye milinganyo ya aina ya swali la 1, huku maneno "kila upande" yakiandikwa pembeni na kila mwanafunzi. Fungu la 28/3 huwa dogo. Waite hao wachache mbele, wakae karibu na ubao, uwape 10 − 3 × 2 bila x yoyote. Wakijibu 14, umeshajua pa kuanzia nao.